Nazi, tui zito na tui jepesi: maswali yanayoulizwa kuhusu mafuta na kalori kwa gramu 100

Naishi Mikindani, Mtwara, na kwetu siku haipiti bila nazi kuvunjwa. Mama yangu alipoambiwa na wauguzi apunguze mafuta, nilianza kupima tui kwa mizani ndogo ya jikoni, na tangu hapo majirani, wapishi wa sokoni na ndugu zangu wa Lindi huniuliza maswali yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Nikisema kalori nina maana ya kile kinachoandikwa kcal kwenye makopo. Nikisema tui zito nina maana ya tui la kwanza, ambalo wengine huliita kasimile. Tui jepesi ni la pili na la tatu, yale yanayokamuliwa baada ya kuongeza maji kwenye chicha.

Kwa gramu 100, kipi kina mafuta mengi?

Majedwali ya chakula yanayotumika zaidi duniani, yaani yale ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, yanatoa picha hii:

| Kitu | Mafuta (gramu) | Kalori |
|---|---|---|
| Nazi iliyokomaa, nyama yake tupu | 33.5 | 354 |
| Tui zito lililokamuliwa bila maji | 34.7 | 330 |
| Tui lililokamuliwa kwa maji | 23.8 | 230 |
| Maji ya ndani ya nazi | 0.2 | 19 |

Nazi inayosemwa hapo ni ile iliyokomaa, yenye kifuu kigumu cha kahawia, ambayo nyama yake haijaanikwa. Mbata ni kitu kingine. Nazi ikishakaushwa kabisa maji yake huondoka na mafuta hubaki, ndiyo maana gramu 100 za nazi iliyokaushwa hufika kalori 660.

Tazama mstari wa tatu kwa makini, maana ndio unaowapoteza watu wengi, na mimi ulinipoteza. Tui la gramu 23.8 za mafuta silo tui la pili la jikoni kwetu. Nitalirudia hilo chini kwa kirefu.

Mbona nazi yenyewe ina mafuta pungufu kidogo kuliko tui zito, lakini kalori zake ni nyingi zaidi?

Kwa sababu kalori hazitoki kwenye mafuta peke yake. Ndani ya gramu 100 za nazi kuna gramu 15 hivi za wanga, sukari na nyuzinyuzi zikihesabiwa pamoja, na kati ya hizo nyuzinyuzi ni kama gramu 9. Ukikamua, nyuzinyuzi karibu zote hubaki kwenye chicha. Kinachotoka ni maji ya nazi yenyewe yaliyobeba mafuta, protini kidogo na sukari kidogo. Kwa hiyo tui zito lina wanga wa gramu 6 au 7 tu, na maji yake yamepita nusu ya uzito.

Tofauti ya kalori 354 na 330 ni ndogo mno kumfanya mtu achague kimoja na kuacha kingine. Tofauti kubwa iko mdomoni. Mtu akitafuna kipande cha nazi cha gramu 30 taya zinachoka na tumbo linajaa zile nyuzinyuzi. Gramu 30 za tui zito ni vijiko viwili vya mezani, na humwagwa juu ya mbaazi bila mlaji kujua.

Tui langu la pili ndilo hilo lenye kalori 230?

Hapana, na hapa ndipo nilipofanya kosa la miezi kadhaa. Nilikuwa namwandikia mama kila kikombe cha tui kama kalori 230 kwa gramu 100, nikawa namnyima mboga ya nazi aliyokuwa na haki nayo. Wakati huohuo nilikuwa nampa "kijiko tu" cha tui la kwanza juu ya wali bila kukihesabu sawasawa.

Jedwali linazungumzia tui lililotiwa maji machache sana. Ukiangalia vizuri, theluthi mbili ya tui hilo ni maji, na theluthi nzima ni vitu vingine. Tui la namna hiyo halipiti kirahisi kwenye kijiko. Linaacha utando mnene upande wa bakuli. Tui letu la pili na la tatu huwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na ukilimimina juu ya kidole unaiona ngozi. Haliwezi kuwa na mafuta yaleyale.

Nilichukua nazi moja nikaipima hatua kwa hatua. Ilipokwisha kufuliwa ilikuwa na gramu 600. Maji ya ndani yalikuwa gramu 95. Baada ya kukuna kwenye mbuzi nilipata nazi iliyokunwa gramu 300, na kifuu pamoja na nyama iliyogandia kikawa na gramu 205. Kwa kuwa nazi ina mafuta gramu 33.5 kwa kila 100, hizo gramu 300 zilikuwa na mafuta kama gramu 100. Ikumbuke namba hii. Mafuta yote yatakayoonekana sufuriani siku hiyo lazima yatoke humo. Maji ya bomba hayaongezi hata tone.

Nikatia maji ya uvuguvugu gramu 100, nikafinyanga kwa mikono, nikakamua kwa kitambaa. Likatoka tui la kwanza gramu 180. Nikaongeza maji gramu 350 kwenye chicha, likatoka tui la pili gramu 360. Nikarudia tena kwa maji gramu 350, likatoka la tatu gramu 350. Tui la pili na la tatu nikalichanganya, jumla gramu 710.

Sasa ili nijue mafuta yamekwenda wapi, nilipika kila fungu peke yake mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge, kama bibi zetu wanavyopika mafuta ya nazi. Tui la kwanza lilinipa mafuta gramu 35, na lile jepesi gramu 19. Vile vipande vya kahawia vilivyobaki chini bado vilikuwa vinang'aa, kwa hiyo nakadiria mafuta halisi yalikuwa gramu 38 na gramu 22. Ukigawanya, tui la kwanza lilikuwa na mafuta kama gramu 21 kwa 100, na tui jepesi gramu 3 tu kwa 100.

Kwa kalori, gramu moja ya mafuta hutoa takribani 9. Ukiongeza kidogo kwa ajili ya sukari na protini, tui langu la kwanza lilikuwa na kalori kama 210 kwa gramu 100, na tui jepesi kama 40. Jedwali lilikuwa limeniambia 330 na 230.

Jedwali halikudanganya. Linapima tui lililokamuliwa bila tone la maji, na mimi nilitia kikombe kidogo. Mkono wangu nao hauna nguvu za mashine. Mkono mwingine utapata namba nyingine, na hata mimi nikitumia nazi nyingine zitabadilika.

Nitajuaje nyumbani tui langu lina mafuta kiasi gani, bila kupika mafuta kila siku?

Anza na kikomo. Pima nazi uliyokuna, gawanya uzito wake kwa 3, hapo unapata mafuta yote yaliyomo. Kisha pima tui lote ulilolitoa. Nazi iliyokunwa ya gramu 300 ina mafuta 100. Ikiwa umetoa lita moja ya tui, yaani gramu 1,000 hivi, basi hata ungekamua chicha ikakauka kama makumbi, tui hilo haliwezi kuzidi gramu 10 za mafuta kwa 100. Hicho ndicho kikomo cha juu.

Mkono wa kawaida hautoi mafuta yote. Kwenye nazi yangu nilitoa 60 kati ya 100, nami nilikamua kwa bidii. Kwa hiyo chukua kikomo chako, zidisha kwa 0.6, na uko karibu na ukweli: lita moja kutoka nazi ya gramu 300 itakuwa na mafuta gramu 6 kwa 100, kalori kama 60 au 65. Ukitumia blenda, nazi husagika laini zaidi na mafuta mengi hutoka, basi zidisha kwa kiasi kikubwa kidogo.

Njia ya pili ni ya macho. Weka tui kwenye glasi iliyonyooka, liache kwenye friji usiku kucha. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hupanda juu na kuganda, na chini hubaki maji meupe kidogo. Tabaka hilo la juu si mafuta matupu, lina maji ndani yake, hivyo usilihesabu kama mafuta ya chupani. Lakini ukiweka glasi mbili za matui tofauti pembeni, utaona lipi ni zito hata kama mwuzaji amekuapia.

Kwa nini maji ya uvuguvugu, si ya baridi?

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 au 25 hivi. Mchana wa Mtwara huwa yameyeyuka yenyewe ndani ya nyama ya nazi. Lakini asubuhi za Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, chupa ya mafuta ya nazi dirishani huganda ikawa nyeupe, na hali ni hiyohiyo ndani ya nazi iliyolala sakafuni. Ukikamua kwa maji ya baridi asubuhi hiyo, mafuta yaliyoganda hubaki kwenye chicha. Mpishi anaona tui jepesi anasema nazi za msimu huu mbovu, kumbe mafuta yake amewapa kuku.

Maji yasiwe ya kuchemka. Yakichoma mkono huwezi kufinyanga, na protini ya nazi huanza kuganda kabla hujakamua.

Tui likichemka sana, mafuta yanapungua?

Mafuta hayaondoki na mvuke. Kinachoondoka ni maji, na hivyo kwa gramu 100 mafuta huongezeka. Chukua tui la gramu 1,000 lenye mafuta 6 kwa 100, ndani yake mna mafuta gramu 60. Lichemshe mpaka libaki gramu 600. Mafuta ni yaleyale 60, lakini sasa ni gramu 10 kwa kila 100. Mtu anayekula kijiko cha mchuzi ulioiva na kukauka anakula zaidi ya yule aliyeonja mchuzi huohuo ulipoanza kuchemka.

Na tui lililokatika? Nikimwaga mafuta yanayoelea?

Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyosambaa ndani ya maji, na protini ya nazi ndiyo inayoyazuia yasiungane. Ukipandisha moto ghafla bila kukoroga, au ukitia ukwaju na limau mapema, protini hiyo hugandana, matone huungana, mafuta huelea juu na mabonge meupe hubaki chini. Chakula hakijaharibika. Mafuta na kalori ni zilezile kama ungekoroga vizuri.

Ukiyaengua yale yanayoelea, hapo ndipo unapunguza kweli. Kila kijiko cha mezani cha mafuta safi ni karibu gramu 14, kalori zaidi ya 120. Shangazi yangu wa Mchinga huengua mafuta ya juu ya mchuzi wa pweza na kuyatumia kukaangia vitunguu kesho yake. Ni akili nzuri kwa mfuko, lakini mafuta hayo yamehama siku tu, mwisho wake yanaliwa.

Koroma ina mafuta sawa na nazi iliyokomaa?

Haina. Nyama ya dafu ni laini kama uji, karibu yote maji. Koroma imeanza kujaza mafuta lakini haijamaliza. Mnazi huchukua karibu mwaka mzima kukomaza tunda, na mafuta huingia kwa wingi miezi ya mwisho. Ndiyo maana tui la koroma huwa na utamu na halina uzito, hata ukamue bila maji.

Namna ya kutambua: itikise. Nazi iliyokomaa maji yake yamepungua na husikika yakigonga. Koroma imejaa maji, hivyo inakaa kimya na ni nzito mkononi. Ukiivunja, nyama ya koroma hutoka kwa urahisi kwenye kifuu, ilhali ya nazi iliyokomaa imeshikilia na ina ngozi ya kahawia.

Nazi iliyoanza kuota nayo imeshatumia sehemu ya mafuta yake. Joya lile tamu la katikati hujilisha kutoka kwenye nyama, na kadiri linavyokua nyama huwa nyembamba na huteleza kwa mafuta yaliyoachia. Watoto wapewe joya, lakini usiitegemee nazi hiyo kwa tui la shughuli.

Kwa hiyo zile gramu 33.5 ni za nazi iliyokomaa tu.

Chicha ina kitu tena, au ni ya kuku?

Rudi kwenye nazi yangu. Mafuta yalikuwa 100, tui lilichukua 60, basi 40 yalibaki kwenye chicha. Chicha yenyewe ilikuwa na gramu 210 pamoja na maji iliyoyanywa, kwa hiyo ilikuwa na mafuta kama gramu 19 kwa 100. Hiyo ni karibu sawa na tui langu la kwanza! Wengi hushangaa nikiwaambia hivyo, kwa sababu chicha ikishakamuliwa mara tatu huonekana kavu na haina ladha.

Ndiyo sababu mtu anayesaga nazi kwenye blenda na kuimimina yote kwenye mihogo bila kuchuja, akidhani ni sawa na kutia tui, anakula mafuta yote 100 badala ya 60. Anapata nyuzinyuzi pia, na hilo ni jambo jema kwa tumbo, ila kalori azihesabu kama za nazi nzima. Vivyo hivyo kwa wanaotia chicha kwenye vitumbua au mkate wa mchele.

Tui la kopo linasemaje?

Soma kopo. Kiwango cha kimataifa cha chakula cha FAO na WHO cha mwaka 2003 kinataka tui zito la kiwandani liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 20, tui la kawaida asilimia 10, na tui jepesi asilimia 5. Hizo ni namba za chini. Kopo linaweza kuzizidi. Kuna makopo ya tui la kawaida yenye asilimia 17 na mengine yanapita 20. Jina la mbele ya kopo halitoshi, geuza nyuma utafute mstari wa mafuta kwa gramu 100 au mililita 100.

Ukikuta nishati imeandikwa kJ peke yake, gawanya kwa 4.2 upate kalori. Angalia pia neno sukari, maana baadhi ya makopo yanayofanana kabisa na tui zito yametiwa sukari kwa ajili ya vinywaji na keki.

Sina ugomvi na kopo. Uzuri wake ni kwamba namba yake haibadiliki, na kwa mgonjwa anayehesabu hilo ni msaada. Ila kwa bei ya kopo moja huku kwetu unapata nazi kadhaa.

Niache hesabu za gramu 100. Kwenye sahani nakula kiasi gani?

Nazi moja, tui lake lote, mchuzi wa samaki kwa watu sita: mafuta gramu 60 kugawa kwa 6 ni gramu 10 kwa kila mmoja, kalori kama 100 kutoka kwenye nazi. Ukitoa lile tui la kwanza na kupika kwa jepesi peke yake, kila mmoja anapata chini ya gramu 4, kalori 47 hivi. Ukitia nazi mbili kama tunavyofanya siku ya wageni, ni gramu 20 kila mmoja.

Wali ni habari nyingine kwa sababu haubakizi kitu chini. Mchele nusu kilo una kalori kama 1,800, na ukiiva kwa maji matupu unatoa wali wa karibu gramu 1,400, yaani kalori 130 kwa gramu 100. Ukiupika kwa tui lote la nazi moja, unaongeza kalori kama 600 kwenye sufuria ileile. Gramu 100 za wali huo zinakaribia kalori 170. Sahani ya gramu 300 imeongezeka kalori kama 120 juu ya wali mkavu.

Kisha wali huo wa nazi unawekewa mchuzi wa nazi, na pembeni kisamvu cha nazi. Hapo nazi imeingia mara tatu kwenye sahani moja, na hakuna anayeona kwamba ametia mafuta, kwa sababu hakuna chupa iliyofunguliwa.

Mafuta ya nazi ni ya namna gani? Nasikia ya mmea hayana madhara.

Karibu tisa ya kumi ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda, ambayo wataalamu huyaita mafuta yaliyoshiba. Kutoka mmea hakubadilishi hilo. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22. Gramu 100 za tui zito lisilo na maji zina gramu 30 za mafuta hayo. Gramu 100 za tui jepesi langu zilikuwa na kama gramu 3. Ni kweli nazi haina lehemu ndani yake, lakini mafuta haya yanaweza kupandisha lehemu ya damu, hivyo aliyeambiwa na daktari apunguze asijifariji kwa neno "mmea". Kiasi chake apewe na huyo daktari, maana mimi ni mpishi.

Maji ya dafu yahesabiwe pamoja na tui?

Hapana. Ni maji kwa asilimia 95, mafuta hayafiki hata nusu gramu. Kinachohesabiwa humo ni sukari kidogo.

Nataka kupunguza, lakini mchuzi wa tui jepesi haunogi. Nifanyeje?

Mama naye alilalamika hivyohivyo. Nilichojifunza ni kwamba ulimi unaonja kile kilichofika mwisho. Ukitia tui zito mwanzoni na kulichemsha nusu saa, harufu yake nzuri hupotea na mafuta yake hubaki. Ukipika samaki, mbaazi au kisamvu kwa tui la pili na la tatu mpaka viive, kisha ukatia tui zito kidogo dakika za mwisho huku ukikoroga upande mmoja na moto umeshushwa, harufu hubaki na unatumia kidogo sana.

Kwa sufuria ya watu sita mimi hutia vijiko vinne vya mezani vya tui la kwanza, gramu 60 hivi. Kwa tui langu la mafuta 21 kwa 100, hiyo ni karibu gramu 13. Ukijumlisha na gramu 22 za tui jepesi, sufuria nzima ina 35 badala ya 60, chini kidogo ya gramu 6 kwa mtu. Tui la kwanza linalobaki, gramu 120, naliweka kwenye friji kwenye kibakuli chenye kifuniko. Siku ya pili lipo sawa. Siku ya tatu nalinusa kwanza, na likiwa na harufu ya uchachu au limeanza kuvuta nyuzi, namwaga.

Mama sasa anakula mbaazi za nazi mara tatu kwa wiki. Vijiko vinne vile anavipima mwenyewe, akitumia kijiko kilekile, na huvisawazisha kwa kisu.